Nani Aingie Chumba Kipi: Kuwagawa Washiriki wa Warsha ya Mtandaoni

Chumba kidogo cha warsha ya mtandaoni ni mkutano ndani ya mkutano. Mwenyeji hubonyeza kitufe, watu arobaini waliokuwa wakisikiliza sauti moja hutawanyika, na kila wanne au watano hujikuta peke yao, wakionana na kuongea bila wengine kuwasikia. Kwenye Zoom kitufe hicho huandikwa `Breakout Rooms`, na Microsoft Teams na Google Meet zina vyumba vya namna hiyo pia. Mwenyeji wa Zoom akikibonyeza huulizwa anataka vyumba vingapi, kisha huonyeshwa njia tatu za kuwagawa watu: `Assign automatically`, ambapo programu yenyewe huwatawanya kwa bahati nasibu, `Assign manually`, ambapo mwenyeji humweka mmoja mmoja, na `Let participants choose room`, ambapo kila mshiriki huchagua pa kwenda.

Wenyeji wengi huchukua njia ya kwanza kwa sababu inamalizika kwa sekunde mbili. Kwa kusalimiana na kujuana inatosha kabisa. Kwa kazi ya kufundishana haitoshi, na sababu yake huonekana mara tu mtu anapoingia katika chumba kimoja na kutazama. Karani wa chama cha akiba na mikopo kutoka Bujumbura, anayehesabu na kuuliza kwa Kifaransa, amekutana na mwenzake wa Mbeya asiyejua neno la Kifaransa. Pamoja nao yupo mhasibu wa Nakuru mwenye miaka kumi ya kazi hiyo, na kijana aliyefungua Excel kwa mara ya kwanza wiki iliyopita. Mhasibu atafanya zoezi lote peke yake kwa dakika nane. Watatu waliobaki watamtazama.

Vigezo vitatu hutumika kuzuia hali hiyo: lugha, kiwango cha ujuzi, na jambo ambalo mshiriki anataka kujifunza. Kishawishi cha kwanza ni kuvitumia vyote kwa pamoja, na hesabu ndogo inaonyesha kwa nini haiwezekani. Lugha tatu, viwango vitatu na mada nne huzaa vyumba 36. Kwa warsha ya watu 46 ni kama mtu mmoja kila chumba. Kwa hiyo vigezo hupangwa kwa zamu, kila kipindi na kigezo chake, na pale viwili vinapogongana lazima ijulikane mapema kipi kinamwachia mwenzake.

Mpangilio unaofaa ni huu: lugha kwanza, kiwango pili, mada mwisho. Asiyeelewa lugha ya chumba hapati chochote humo, hata mada ikiwa anaipenda na kiwango kikiwa chake. Aliyewekwa katika kiwango kisicho chake hupata kidogo, na anaweza kuvumilia dakika ishirini. Aliyekosa mada aliyoipenda bado hujifunza, ila kwa moyo mzito kidogo. Kigezo ambacho kukikosa kunamfungia mtu mlango ndicho kinachotangulia.

Ili jambo hili lionekane kwa karibu, ichukuliwe warsha ya mfano ya saa tatu kwa makarani wa vyama vya akiba na mikopo wa Tanzania, Kenya, Burundi na mashariki ya Kongo. Wanajifunza kutunza daftari la mikopo kwenye jedwali la kompyuta. Kipindi cha kwanza cha vyumbani ni cha mazoezi ya fomula, na cha pili ni cha kushughulikia tatizo ambalo kila mmoja analo katika chama chake. Waliojiandikisha ni 46.

Kazi ya kugawa huanza kwenye fomu ya kujiandikisha, siku kadhaa kabla ya warsha. Kinachoulizwa hapo ndicho kitakachojulikana siku ya siku, na swali la lugha ndilo linaloharibiwa mara nyingi zaidi. Fomu nyingi huuliza lugha ya mama, na jibu lake halisaidii kitu: mtu wa Goma anaweza kuandika Kinande, wa Nakuru Kikalenjin, na mratibu akabaki hajui amweke wapi. Swali lenye faida ni hili: „Ukikwama katikati ya zoezi, ni lugha gani unayoweza kuulizia bila kutafuta maneno?“ Chini yake swali la pili: „Ni lugha gani nyingine unayoweza kuifuata wengine wakiongea taratibu?“ Jibu la kwanza humpatia mtu chumba. Jibu la pili ni akiba, nalo litahitajika chumba kimoja kitakapokosa watu.

Katika warsha ya kompyuta kuna swali la tatu la lugha, ambalo waandaaji wengi hawalifikirii mpaka chumba kimekwama. Ni lugha ya programu yenyewe. Karani wa Bujumbura anaweza kuongea Kiswahili safi, lakini kompyuta ya ofisi yake ina Excel ya Kifaransa, na Excel ya Kifaransa haina `SUM` wala `IF`. Kujumlisha ni `SOMME`, sharti ni `SI`, na fomula ya kutafuta mwanachama katika orodha, `VLOOKUP`, ni `RECHERCHEV`. Tena, kwa kuwa Kifaransa hutumia mkato mahali pa nukta ya desimali, vipande vya fomula kwa kawaida hutenganishwa kwa nukta mkato. Fomula ileile inayosema kama mwanachama amelipa au bado huandikwa hivi kwenye mashine mbili:

```
=IF(C2>0,"amelipa","bado")
=SI(C2>0;"amelipa";"bado")
```

Mwezeshaji akisoma kwa sauti mstari wa kwanza, na karani mwenye mashine ya Kifaransa akauandika herufi kwa herufi, programu haitaukubali. Akiandika `=SUM(B2:B13)`, ataona `#NOM?` na kudhani amekosea namba. Ataandika tena, ataona `#NOM?` tena, kisha atanyamaza. Ukimya huo hutafsiriwa na wengi kuwa ni udhaifu wa ujuzi, na safari nyingine mtu huyo hupelekwa kwa wanaoanza, kumbe alichokosa ni mwenzake mmoja mwenye skrini inayofanana na yake. Ndiyo maana fomu ya warsha hii inauliza: „Ukifungua Excel yako, juu kabisa kushoto pameandikwa File au Fichier?“ Ni swali ambalo hata asiyejua jina la toleo lake hulijibu bila shida.

Kiswahili chenyewe kina lahaja na mazoea yake, na mratibu asiye mwangalifu hudhani kwamba wote walioandika „Kiswahili“ watasikilizana sawasawa. Kwa mazungumzo ya kawaida watasikilizana. Kwenye hesabu mambo hubadilika, kwa sababu wasemaji wengi wa Kiswahili cha Kongo hutaja namba kwa Kifaransa, na mwenzao wa Tanga akisikia kiasi cha mkopo kikitajwa hivyo anapotea palepale. Dawa yake ni ndogo: kila chumba chenye watu wa pande zote mbili huambiwa tangu mwanzo waandike kila namba kwenye gumzo la chumba, wasiitaje kwa mdomo tu.

Baada ya lugha huja kiwango, na hapa fomu huharibika kwa namna nyingine. Swali la „Wewe ni mwanafunzi wa mwanzo, wa kati, au mjuzi?“ linapima jinsi mtu anavyojiona, halipimi anachoweza kufanya. Mwaka 1999 Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba waliopata alama za chini kabisa katika majaribio walijikadiria juu sana, na waliofanya vizuri kabisa walijishusha kidogo wakijilinganisha na wenzao. Katika warsha za kazini huongezeka jambo jingine: mtu hajui fomu hiyo itasomwa na nani. Meneja wa chama ataandika „mjuzi“ kwa sababu ya cheo chake, na karani mdogo anayefanya kazi yote ataandika „mwanzo“ kwa adabu.

Kinachofaa ni kuuliza vitendo. Fomu ya warsha hii ina maswali matatu mafupi, kila moja likiwa na jibu la „sijui“ lisilo na aibu. La kwanza linaonyesha jedwali la wanachama watano na marejesho yao, na kuuliza ni fomula gani itakayotoa jumla. La pili ndilo linalotenganisha watu vizuri zaidi. Riba imeandikwa katika seli B1, mikopo inaanzia C4, na kwenye D4 pameandikwa `=C4*$B$1`. Fomula hiyo ikiburutwa mstari mmoja chini, D5 itasomekaje? Aliyewahi kutunza daftari la mikopo kwa kompyuta anajua kwamba alama ya `$` inaifunga seli ya riba isihame, hivyo jibu ni `=C5*$B$1`. Asiyejua atachagua `=C5*$B$2`, au atasema hajui. La tatu linahusu kuvuta jina la mwanachama kutoka karatasi nyingine kwa kutumia namba yake. Atakayekosa la kwanza au kulipata hilo tu yuko mwanzo, atakayepata la kwanza na la pili yuko kati, na atakayepata yote amekwenda mbele.

Je, wa kiwango kimoja wakae pamoja au wachanganywe? Jibu linategemea kazi ya kipindi, wala si fadhila ya mmoja dhidi ya nyingine. Zoezi lenye jibu moja, kama kuandika fomula ya salio, linataka watu wa kiwango kimoja, kwa sababu mjuzi akiwepo atalijibu kabla wengine hawajasoma swali. Kazi yenye sehemu nyingi, kama kupanga taarifa ya mwaka ya chama, inataka mchanganyiko, kwa kuwa kuna cha kufanya kwa kila mkono. Mwaka 1971 huko Austin, Texas, mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake walianza kutumia darasani mtindo wa vipande vya fumbo: kila mwanafunzi anajifunza kipande chake cha somo pamoja na wenye kipande hichohicho, kisha anarudi katika kundi la mchanganyiko akiwa yeye pekee anayekijua. Mtindo huo unahamia vizuri vyumba vya mtandaoni, ila unadai ugawaji wa mara mbili, na ule wa pili hufanywa kwa mkono wakati warsha inaendelea. Mwenyeji aliye peke yake asiujaribu.

Sasa majibu ya watu 46. Wanaotaka Kiswahili ni 27, Kifaransa 11, Kiingereza 8. Katika Kiswahili, 12 wako mwanzo, 10 kati, 5 mbele. Katika Kifaransa, 5 wako mwanzo na 6 kati au mbele. Katika Kiingereza, 3 wako mwanzo na 5 juu yao. Ukubwa wa chumba unaolengwa ni watu wanne au watano. Chini ya hapo, mtandao wa mmoja ukikatika wanabaki wawili na mazungumzo hufa. Wakizidi sita, kwa kawaida wawili huongea na waliobaki huzima kamera.

Kiswahili hakina taabu: vyumba vitatu vya wanne kwa wanaoanza, viwili vya watano kwa wa kati, kimoja cha watano kwa waliokwenda mbele. Kifaransa kinapata viwili, kimoja cha watano na kingine cha sita. Ugumu uko kwenye Kiingereza. Chumba cha wanaoanza kingekuwa na watu watatu, na mmoja asipotokea ni wawili. Mratibu anaweza kuwahamisha watatu hao kwenda Kiswahili kama walikitaja katika akiba, lakini huko ni kukiuka kigezo cha kwanza kwa ajili ya cha pili. Afadhali kiwango kikubali kuvunjika: wanane wanagawanywa vyumba viwili vya wanne, kimoja na wanaoanza wawili na kingine na mmoja, na mwezeshaji anapita kati ya vyumba hivyo viwili. Jumla ni vyumba kumi. Wawezeshaji wanaohitajika ni watano: wanne kwa vyumba vya wanaoanza vya Kiswahili na Kifaransa, na huyo mmoja wa Kiingereza. Wa kati na waliotangulia wanaachwa wafanye kazi, wakijua pa kubonyeza wakikwama.

Majina ya vyumba yana uzito kuliko inavyodhaniwa. Mshiriki huona jina la chumba anachopelekwa, na hakuna mtu mzima anayefurahi kusoma „Wanaoanza 2“ mbele ya wenzake wa kazi. Herufi mbili za lugha na jina lisilo na daraja hutosha: SW Rukwa, SW Natron, SW Eyasi, FR Kivu, EN Naivasha. Ufunguo wa jina lipi ni la kiwango gani unabaki kwenye karatasi ya mratibu.

Zoom huruhusu mgawanyo huo upakiwe kabla ya siku yenyewe, endapo mwenye akaunti amewasha katika mipangilio ya tovuti kipengele cha vyumba pamoja na ruhusa ya kugawa watu wakati wa kupanga mkutano. Kinachopakiwa ni faili la CSV lenye safu wima mbili tu, jina la chumba na anwani ya barua pepe, kwa kichwa hiki:

```
Pre-assign Room Name,Email Address
SW Rukwa,karani01@example.com
SW Rukwa,karani02@example.com
FR Kivu,karani31@example.com
```

Faili hili likitengenezwa kwenye kompyuta iliyowekwa Kifaransa, ile nukta mkato hurudi: Excel huhifadhi CSV kwa kutenganisha kwa nukta mkato, wakati mfano wa Zoom unataka mkato. Aliyetengeneza alifungue kwa programu ya maandishi matupu, kama Notepad, aone kwa macho yake kilichomo kabla hajalipakia.

Upakiaji huu una mtego mmoja ambao ndio chanzo cha vurugu nyingi za dakika ya kwanza. Programu haimtambui mtu kwa jina wala kwa sura. Inamtambua kwa anwani. Aliyejiandikisha kwa barua pepe ya ofisi, kisha siku ya warsha akaingia kwa simu yenye akaunti yake binafsi, kwa Zoom ni mtu mwingine, na hana chumba. Vilevile aliyebonyeza kiungo alichotumiwa na mwenzake kwenye WhatsApp bila kuingia katika akaunti yoyote. Wapo pia wanaokaa wawili mbele ya kompyuta moja ya ofisi: katika orodha wao ni jina moja, na chumba kilichopangiwa watano kina watu sita. Kwa hiyo fomu iulize pia kama mtu atatumia simu au kompyuta, na kama atakuwa peke yake. Jibu la simu lina maana ya ziada, kwani mwenye simu hawezi kuona jedwali na nyuso za wenzake kwa wakati mmoja. Chumba kisiwe na watu wa simu watupu, awepo angalau mmoja mwenye kompyuta wa kushirikisha skrini.

Kwa wasiotambuliwa na programu, njia ya zamani ndiyo inayookoa. Kila mshiriki hutumiwa msimbo wake siku moja kabla, na akiingia anaombwa aliweke mbele ya jina lake kwa kutumia `Rename`: „SW2 Asha“, „FR1 Désiré“. Mwenyeji anapofungua orodha ya kugawa, watu wa kundi moja wanakuwa wamejipanga pamoja, naye huwatia alama kwa mkupuo badala ya kuwasaka mmoja mmoja. Isipofanyika hivyo, orodha hujaa majina kama „Galaxy A14“ na „iPhone“, na hakuna anayejua Galaxy huyo anaongea lugha gani. Kazi ya kuwabadilishia majina wasioweza apewe mtu mmoja aliye mwenyeji mwenza, aianze dakika kumi na tano kabla ya warsha. Mzungumzaji mkuu hawezi kuifanya huku anaongea.

Siku ya warsha hii ya mfano, saa nne asubuhi ya Dar es Salaam, watu 35 wameingia. Wanne kati yao programu haikuwapa chumba, na msimbo wa jina unawarudisha mahali pao kwa dakika moja. Tatizo kubwa liko FR Kivu, chumba cha Kifaransa cha wanaoanza: kati ya watano, wawili tu wapo. Ni rahisi kusema wenzao wamepuuza. Ukweli ni kwamba Bujumbura na Goma ziko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa moja, tangazo liliandika „saa nne asubuhi“ bila kutaja ya wapi, na watatu hao wataingia saa moja baadaye wakiamini wamewahi. Tangazo lilipaswa kuandika saa zote mbili.

Kwa chumba kilichokosa watu uamuzi huchukuliwa kabla vyumba havijafunguliwa, kwa mpangilio uleule wa vigezo. Wawili hao wanaunganishwa na chumba kingine cha Kifaransa, ambacho nacho kimepungua hadi wanne, na mwezeshaji wa FR Kivu anahamia nao. Kiwango kimevunjika, lugha imebaki. Mratibu asiyekuwa na mpangilio angewatupa katika chumba chochote chenye nafasi, na hapo hata mashine zao zisingewaelewa.

Kabla ya kubonyeza `Open All Rooms` maelekezo ya zoezi huandikwa mahali ambapo mtu anaweza kuyasoma akiwa tayari chumbani, kwa mfano katika karatasi ya pamoja iliyotumwa mapema. Kilichosemwa kwa mdomo katika chumba kikuu husahaulika wakati skrini inabadilika. Kwa kipindi cha dakika 25, takriban tatu huishia kwenye kuingia, kuwasha kipaza sauti na kuulizana nani ataanza, hivyo zoezi lipangiwe dakika 20. Ujumbe wa `Broadcast` hutumwa zikibaki tano, nao uwe katika lugha zote tatu, mstari mmoja kila lugha.

Mwenyeji hawezi kusikia vyumba vyote, lakini kosa la ugawaji lina dalili zake. Mtu anayerudi chumba kikuu dakika ya pili amewekwa pasipo lugha yake, au kipaza sauti chake hakifanyi kazi, na aulizwe hilo la lugha kwanza. Chumba ambacho mwezeshaji anaingia na kukuta sauti moja inaongea mfululizo kina mchanganyiko mbaya wa viwango. Chumba kilichonyamaza huku kamera ziko wazi na macho yametazama chini huenda kinafanya kazi vizuri tu, na kuingia kwa mwezeshaji ndiko kutakakokivuruga. Aidha chumba cha Kiswahili ambacho kimehamia Kiingereza bila mtu kuamua ni cha kuangaliwa: mara nyingi mmoja mwenye sauti kubwa amewavuta wengine, na kuna mtu ndani aliyeacha kufuata. Mapitio ya kwanza yafanyike dakika ya tatu au ya nne, wakati bado mtu anaweza kuhamishwa na akapata muda wa kutosha katika chumba kipya.

Kipindi cha pili ni cha mada, na kigezo hiki hakihitaji kupakiwa wala kukisiwa. Watu wenyewe wanajua wanachokitaka, kwa hiyo njia ni `Let participants choose room`, bora programu zao zisiwe za toleo la zamani sana lisilo na uwezo huo. Mada ni tatu: mikopo iliyochelewa, hesabu ya gawio, na taarifa kwa wanachama. Hatari yake ni msongamano. Mikopo iliyochelewa inaumiza kila chama, na bila maandalizi watu ishirini wataingia chumba kimoja, huku chumba cha taarifa kikiwa na mmoja anayesubiri. Fomu iliyouliza chaguo la kwanza na la pili huonyesha msongamano huo mapema, na mratibu hufungua vyumba vitatu vya mikopo iliyochelewa, kimoja cha gawio na kimoja cha taarifa, kulingana na majibu.

Uhuru wa kuchagua mada una bei yake, nayo hulipwa na lugha yenye watu wachache. Kifaransa kina watu kumi hivi. Wakitawanyika katika mada tatu, kila chumba kitakuwa na Wafaransa-lugha wawili watatu kati ya Waswahili wengi, na mazungumzo yatahamia Kiswahili kwa dakika moja. Huduma ya ukalimani ya Zoom haiwezi kuwasaidia, kwa kuwa hufanya kazi katika chumba kikuu tu. Kwa hiyo mada zigawanywe ndani ya lugha iliyo na watu wa kutosha, yaani Kiswahili. Wa Kifaransa wakae pamoja katika vyumba viwili na kila chumba kichague mada yake kwa kura ya mikono. Wa Kiingereza waliotaja Kiswahili kama akiba waambiwe waziwazi kwamba wanaweza kwenda penye mada wanayoitaka au kubaki kwenye chumba cha lugha yao, na uamuzi uwe wao.

Kufunga vyumba hutoa hesabu ya kurudi nyuma, kwa kawaida sekunde 60, kisha wote hujikuta chumba kikuu. Mrejesho wa kila chumba usomwe na mtu aliyejulikana tangu mwanzo wa kipindi, na hapo ndipo mkalimani anapopata kazi yake. Kurekodi kwa wingu kwa kawaida hunasa chumba kikuu pekee, kwa hiyo kilichosemwa vyumbani na hakikuandikwa kwenye karatasi ya pamoja hakipo tena. Siku hiyohiyo wawezeshaji watano hupitia orodha ya watu na kuandika mbele ya kila jina kiwango walichokiona kwa macho, lugha aliyoitumia mtu alipokwama, na kama skrini yake iliandika File au Fichier. Safu wima hizo tatu ndizo zitakazotumika kugawa vyumba vya warsha ijayo, mahali pa majibu ya fomu.